Kifurushi cha Siku ya Mechi

Mume wangu hakuwa bahili. Nianze kwa kumtendea haki, maana nikishafungua mdomo sirudi nyuma. Bahili hunyima watu mchuzi, na yeye mchuzi alitoa, nyama alitoa, wageni wa msiba aliwalaza mpaka sisi wenyewe tukalala kwenye mkeka. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Hakuweza kulipia kitu bila kwanza kukizunguka na kukitafutia tundu la kupunguza. Akilikosa hilo tundu alikosa raha kutwa nzima, na mimi mke wake nikakosa raha pamoja naye.

Tulikuwa Kasulu mjini, na duka letu la vitenge na mabegi ya shule lilikuwa jirani na soko, sisi wenyewe tukiishi nyuma yake. Yeye kwao Ujiji, baba yake ndiye aliyepandisha biashara huku milimani. Mimi ni wa Tanga. Nililetwa na ndoa, na asubuhi za baridi ya mwezi wa sita nilikuwa natoka uani nimejifunika khanga mbili na sweta, najiuliza ni nani kanifanyia hivi. Majirani zangu Waha walikuwa wakinicheka. "Mwakeye, mama wa pwani," wananisalimu kwa Kiha, nami nawajibu huku meno yanagongana.

King'amuzi tulikinunua kwa bwana shamba mmoja, mtumishi wa serikali aliyekuwa amepata uhamisho wa kwenda Rukwa. Watumishi wakihamishwa Kasulu huuza kila kitu barazani: godoro, jiko, ndoo, hata chandarua. Mume wangu alikaa pale barazani tangu asubuhi akipatana naye mpaka yule bwana, kwa uchovu tu, akatupa king'amuzi pamoja na dishi na waya wake kwa bei ya kusikitisha. Akasema neno moja tu la maana.

"Mzee, nenda kwa wakala wakabadilishe jina na namba ya simu. Kadi imeandikishwa kwangu. Meseji zao zote zinakuja kwenye simu yangu."

"Jina la nini?" mume wangu akacheka. "Kwani televisheni inauliza jina?"

Wakala mwenyewe alikuwa pale pale mtaa wa pili, na kubadilisha hakugharimu hata shilingi, ni kitambulisho tu na namba ya kadi. Lakini yeye alikuwa ameamini kwamba hakuna kampuni inayoandika jina lako bure. "Wakishakuandika watakutafutia na faini," alisema. Basi bwana shamba akaenda zake Rukwa na meseji zetu mfukoni.

Miezi ya mwanzo tulilipa kama watu wengine. Kifurushi kilikuwa cha siku thelathini, tunalipia kwa simu, tunaweka namba ya kadi kama kumbukumbu namba, picha inaendelea. Kisha mume wangu akagundua kitu, na tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa chuo cha elimu ya ving'amuzi.

Aligundua hivi. Ukilipa kabla kifurushi hakijaisha, mwezi mpya unaungwa kwenye mkia wa ule wa zamani, na tarehe yako haibadiliki sana. Lakini ukiacha kikatika, halafu ukalipa baadaye, kampuni haikudai siku ulizokaa gizani. Haina faini ya kurudishiwa. Unalipa bei ile ile ya mwezi mmoja, na siku thelathini zinaanza kuhesabiwa upya tangu siku uliyolipa. Tarehe ya zamani inakufa, inazaliwa nyingine.

Hayo ni kweli, wala simsingizii. Ila yeye alivyoyapokea, ungedhani kapata kisima cha mafuta uani.

"Unaona, mke wangu?" aliniambia, macho yanang'aa. "Wiki ambayo hatuna cha kuangalia, tunaacha kinakatika. Tukihitaji, tunalipa. Siku zote tunazolipia tunazila nyama tupu, mifupa tunawaachia wao."

"Na sisi wengine tunaotaka taarifa ya habari?"

"Redio ipo."

Basi tukawa watu wa kukatika. Tamthilia yangu ilikatika msichana akiwa mlangoni na barua mkononi, iliporudi alikuwa na watoto wawili na sijui mume alimpata wapi. Na tarehe yetu nayo ikaanza kutembea. Mwanzoni ilikuwa inaangukia mwanzo wa mwezi, wakati watumishi wana mishahara na duka lina watu. Kila akiichelewesha ikasogea mbele, ikasogea tena, mpaka ikavuka katikati ya mwezi, pale ambapo hata nzi haingii dukani. Nikamwambia, "Baba, wewe unadhani unawala hawa watu, mbona ni wao wanaokutembeza?" Akanijibu kwamba wanawake wa Tanga tunajua kuimba, hesabu hatujui. Salale! Mimi niliyekuwa nafunga hesabu za duka lake kila Ijumaa.

Sasa ngoja nimlete mwanangu, maana bila yeye haya yote yangebaki kichekesho.

Mwanetu wa pili alikuwa mchezaji mpira. Baba yake hakulitaka jambo hilo. Alitaka akae dukani, apime vitenge, arithi kiti. Alipomaliza kidato cha nne kijana akasema anakwenda Dar kujaribu bahati, na baba yake akamwambia maneno ambayo sitayaandika, ila mwisho wake ulikuwa kwamba mpira ni uhuni na yeye hataki kumwona akiucheza. Na kweli hakuwahi kumwona. Kijana alikuwa akicheza uwanja wa hapa hapa Kasulu, kelele zinafika mpaka dukani, na baba yake anakunja vitenge kana kwamba hasikii. Mimi nilikuwa nakwenda kwa kujificha, nasimama nyuma ya wauza karanga. Alikuwa na mbio huyo mtoto! Nikirudi nyumbani nasema nilikuwa kwa fundi cherehani.

Alikaa Dar akihangaika, analala kwa mjomba wangu, anapigiwa simu na mimi tu. Kisha msimu ule akasajiliwa na timu ndogo ya ligi kuu. Ndogo, ya wavaa jezi za kufifia, lakini ligi kuu ni ligi kuu. Baba yake alipoambiwa alikwenda msikitini, akarudi akaagiza pilau. Mtu aliyekataa kwa sauti kubwa haoni njia ya kukubali ila kwa pilau.

Ndipo kijana akapiga simu, na kwa mara ya kwanza akapiga kwa baba yake badala ya kwangu. Nilikuwa nimekaa pembeni, simu ikiwa kwenye spika.

"Baba, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tunacheza na vigogo, Dar es Salaam, saa kumi jioni. Mechi inaonyeshwa. Kocha amesema nitakuwemo kwenye kikosi."

"Inshallah," akasema baba yake.

"Nimekutumia hela ya kifurushi. Lipia mapema, baba. Nataka unione."

Nataka unione. Mtoto hakuomba radhi, hakudai radhi, aliomba aonwe tu. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, nilie peke yangu.

Kifurushi chetu wakati huo kilikuwa kimebakiza siku chache kiishe. Hela ya mtoto ilikuwa ndani ya simu, bei kamili. Nikamwambia mume wangu alipe siku ile ile. Weee! Nilikuwa kama niliyemwambia auze nyumba.

"Nikilipa leo," akasema taratibu, kama mwalimu wa chekechea, "mwezi mpya utaanza kikiisha hiki. Mechi itatukuta tumeshakula siku tisa, kumi za bure. Nikiacha kikatike, nikalipa Jumapili yenyewe, siku thelathini zinaanza na mwanangu. Mwanangu ndiye atakuwa siku ya kwanza."

Hapo nikaona kwamba kwa akili yake ya ajabu lile lilikuwa pendo. Lakini nilimwambia, "Akili nyingi huondoa maarifa." Akasema ndiyo hayo hayo, sisi wa Tanga ni watu wa misemo.

Kifurushi kikaisha, skrini ikaandika kwamba muda wa huduma umekwisha, tukakaa hivyo. Yeye hana wasiwasi. Alikuwa akipita sokoni anatangaza. Aliyekuwa anasema mpira ni uhuni sasa anamshika mtu mkono anamwambia kijana wake anacheza Jumapili na vigogo. Kijana alisema atakuwemo kwenye kikosi. Baba yake alikwisha kumwanzisha, alikwisha kumpa na goli. Akaalika majirani, akaalika wazee wa msikitini, akaalika mpaka yule mama wa Heru Juu anayetuletea maharage. Nikapika vitumbua na chai ya tangawizi, tukatoa televisheni kwenye baraza ya uani, tukatandika mikeka.

Jumapili ikafika. Asubuhi nikamwambia, "Lipa." Hataki. Adhuhuri nikamwambia, "Lipa basi, siku ni siku, ukilipa asubuhi au jioni wao wanahesabu siku ile ile." Akasema hana hakika na hilo, huenda wanahesabu kwa saa. Hebu fikiria! Mtu anataka aanze thelathini zake na filimbi ya refa. Alilipa wageni wakiwa wameshavua viatu, zimebaki dakika chache saa kumi itimie, simu ameiinua juu ili wote waone.

Meseji ya simu ikaja: malipo yamekwenda. "Takbir!" akasema mmoja. Tukageukia televisheni.

Muda wa huduma umekwisha.

Tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Skrini haikubadilika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kasulu nzima ni mafundi. Mmoja akasema zima, washa. Wakazima, wakawasha. Mwingine akasema kadi ina vumbi, wakaichomoa wakaifuta kwa pindo la kanzu. Wa tatu, mwenye duka la baiskeli, akasema huu ni upepo wa jana, dishi limehama, na kabla sijameza mate alikuwa ameshapanda juu ya bati.

"Shukeni huko!" nikapiga kelele. "Chaneli ya matangazo ya kampuni inaonyesha vizuri! Kama dishi limehama, ile picha inatoka wapi?"

Ni nani atamsikiliza mwanamke mwenye birika mkononi? Yule bwana alizungusha dishi kushoto, akazungusha kulia, na hata ile picha ya matangazo ikafa. Sasa skrini ikaandika kitu kipya, hakuna mawimbi. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, tukawa na mawili. Mwenyewe akasema kutoka juu ya bati kwamba sasa tunaanza kupata mwelekeo.

Kutoka ng'ambo ya soko, kwenye kibanda umiza, ambako watu wanalipa kiingilio kuangalia mpira wamebanana kwenye mabenchi, kelele zikapanda. Mechi ilikuwa imeanza.

Mume wangu akapiga simu ya huduma kwa wateja. Tulisikiliza muziki wao mpaka chai ikapoa. Hatimaye akatoka binti mwenye sauti ya asali, akauliza namba ya kadi, akapewa. Akauliza jina la mwenye akaunti. Mume wangu akataja lake kwa ukamilifu, mpaka jina la babu.

"Samahani mzee, jina halilingani na lililopo."

"Hela ni zangu!"

"Naelewa mzee. Lakini siwezi kueleza habari za akaunti isipokuwa kwa mwenye akaunti. Ninachoweza kukushauri, acha king'amuzi kikiwa kimewashwa, kwenye chaneli iliyomo katika kifurushi, ili kikifunguliwa kipokee."

"Binti yangu, mwanangu anacheza!"

"Hongera sana mzee. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Sina ugomvi na yule binti. Kazi yake ndiyo hiyo. Ila nilimwona mume wangu akiitazama simu kana kwamba imemtemea mate, na nikajua sasa amekumbuka bwana shamba.

Tukampigia. Bwana shamba akapokea akiwa Rukwa, kuna kelele nyuma, naye anaangalia mpira ule ule kwenye king'amuzi chake kipya.

"Aah, mzee wangu! Kumbe zile meseji ni zenu? Mimi nazifuta tu, nilidhani hawa watu wananisumbua."

"Soma! Soma zilizobaki!"

Akazisoma moja moja. Ya kwanza, ya majuma kadhaa nyuma: ndugu mteja, kuanzia mwezi ujao bei ya kifurushi chako itapanda. Ya pili: ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha. Ya tatu ilikuwa ya muda ule ule: tumepokea malipo yako, lakini kiasi hakitoshi kufungua kifurushi, tafadhali ongeza.

Basi ni hivyo. Hela ilikuwa imefika, haikupotea. Ilikuwa imekaa kwenye akaunti kama salio, inangoja wenzake. Kampuni haifungui nusu kifurushi kwa nusu bei. Tungelipa siku mtoto alipotuma, kabla mwezi mpya haujaingia, tungelipa kwa bei ya zamani na tusingejua hata kama kuna kilichopanda. Tofauti yenyewe ilikuwa bei ya kilo mbili za sukari. Mume wangu, aliyekuwa akiiachia kampuni mifupa mwaka mzima, alikwama kwa kilo mbili za sukari.

"Ongeza basi," nikasema.

Akafungua simu yake. Ndani hamkuwa na kitu, alikuwa ametuma ile ya mtoto tu, kamili, hata shilingi ya juu hakuweka. Akatoa noti mfukoni, akamtuma mtu kwa wakala wa hela za simu aiweke kwenye simu. Mtu akarudi. Wakala amefunga kibanda chake, yuko kibanda umiza anaangalia mpira.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilikaa chini kwenye mkeka nikacheka mpaka machozi, na wazee wa msikitini wakanitazama. Hasira ikizidi sana kwangu huwa inatoka kwa mlango huo.

Wageni wetu nao wakaanza kukumbuka dharura. Mmoja ana mgonjwa, mwingine anakwenda kufunga mbuzi. Wanatoka mlangoni taratibu kama watu wenye majonzi, wakifika barabarani wanakaza mwendo kuelekea ng'ambo ya soko. Mama wa Heru Juu peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu vitumbua vilikuwa bado vipo.

"Nenda na wewe," nikamwambia mume wangu. "Nenda kibanda umiza ukamwone mtoto."

"Mimi? Nimealika watu kwangu, kisha niende nikakae kwenye benchi la watu, nilipe kiingilio nimwone mwanangu mwenyewe?"

"Ndiyo. Ulipe. Kwa mara moja tu maishani, lipa kitu bila kukizunguka."

Hakwenda. Alikaa anatazama ule mlango, na kila kelele zilipopanda ng'ambo alinyoosha shingo, kisha anairudisha. Sikuwahi kumwonea huruma mtu na kutaka kumfinya kwa wakati mmoja namna ile.

Nikaingia ndani nikachukua simu yangu. Nilikuwa na hela zangu kidogo za mchezo wa kina mama wa kuchangiana, zilikuwa zinangoja zamu ya mwenzangu. Nikaingia kwenye menyu ya kulipa bili, nikaandika namba ya kampuni, nikaandika namba ya kadi kama ilivyo mgongoni mwake, nikatuma ile tofauti na kidogo juu yake. Haikuchukua muda hata wa kuosha kikombe. Bwana shamba akapiga kutoka Rukwa mwenyewe, furaha tupu: "Imekuja! Wanasema akaunti imefunguliwa, mwezi wenu unaanzia leo!"

"Unaona?" mume wangu akaniambia, na wallahi alikuwa na fahari kidogo. "Imeanzia leo. Nilikwambia."

Nikalinyooshea dishi kidole. Akatazama chini.

Akaunti imefunguliwa, sawa, lakini dishi letu lilikuwa linaangalia Burundi. Fundi wa baiskeli naye alikwisha kwenda zake kibanda umiza. Mume wangu akapanda bati mwenyewe, na kanzu yake, na umri wake, na mguu wake mbovu, mimi niko chini napiga kelele. "Kidogo! Rudisha! Umepita! Hapo! Hapo, usipumue!" Mama wa Heru Juu akishangilia kwa Kiha na kitumbua shavuni. Mawimbi yakaja, yakapotea, yakaja. Tukangoja, king'amuzi kikapokea. Picha ikafunguka kubwa, safi, rangi zote.

Wachezaji walikuwa wanapeana mikono. Kocha wa vigogo akaletwa kwenye kipaza sauti akasema anamshukuru Mungu kwa pointi tatu. Kamera ikaonyesha majukwaa, watu wanatoka. Mume wangu alikuwa bado juu ya bati amelishikilia dishi kwa mikono miwili.

"Anaonekana?" akauliza. "Umemwona?"

"Shuka," nikamwambia. "Imekwisha."

Alishuka, akakaa mkekani mbele ya televisheni, vumbi la bati limejaa kifuani. Matangazo yakaanza, ya sabuni, ya unga. Kutoka barabarani tulisikia watu wa kibanda umiza wakitawanyika, na nikamwomba Mungu asiingie hata mmoja.

Simu ikalia. Ilikuwa ya kwake, jina la mwanetu. Akaipokea, akaiweka kwenye spika kama desturi yake, na nikaona amejinyoosha, amekusanya sauti ya baba.

"Baba. Mliangalia?"

"Tumeangalia!" akasema. "Wote! Uani hapatoshi! Umecheza, mwanangu. Umecheza mpira mzuri sana, nakwambia kweli, nimekuona kwa macho yangu. Zile mbio... Wazee wote wamekusifu."

Kwenye simu nilisikia magari ya Dar, na mtu anauza maji.

"Baba," akasema mtoto, kwa upole, kama anayemwamsha mtu. "Sikuingia. Nilikaa benchi mpaka mwisho."

Nimeishi na mume wangu miaka mingi, nimemwona akipatana na watu wa mahakama, watu wa kodi, watu wa basi. Siku ile hakupata tundu popote. Nikainyakua simu, nikaitoa kwenye spika, nikaingia nayo jikoni.

"Mwanangu," nikasema, "ni mimi. Hatukukuona. Kifurushi kilikwama, bei ilipanda, baba yako alichelewa kulipa. Usimkasirikie. Alikuwa juu ya bati analishika dishi, na mguu wake ule mbovu. Alitaka kukuona kuliko kitu chochote."

"Sijakasirika, mama." Akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu anayemeza kitu. "Hata hivyo hakukuwa na cha kuona. Ila kipindi cha pili kamera ilipita kwetu pale benchi, ikasimama kwangu."

"Ehe?"

"Niliwapungia mkono."